Nimezoea kulala masaa manne, mbona kichwa hakishiki kitu?

Shikamoo dada. Nina miaka 31, mchana niko kazini na usiku nasomea mtihani wa uhasibu, umebaki wiki sita. Kwa miezi miwili sasa nasoma kuanzia saa tatu usiku hadi saa saba, nalala, alamu inaniamsha saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni nilikuwa nakufa na usingizi ila sasa hivi nimezoea kabisa, nakunywa kahawa moja asubuhi na moja saa tatu usiku naanza kusoma, basi. Tatizo ni kwamba sura moja naisoma mara tatu na kesho yake sikumbuki kitu, na kazini bosi ameshanikamata mara mbili nimegeuza namba kwenye hesabu, 4,870 nimeandika 4,780. Juzi nikiwa naendesha gari nikashtuka nimeshapita kona ya nyumbani, na nakuapia sikusinzia. Mke wangu anasema ni usingizi, mimi nasema mwili ukishazoea umezoea, kulala si kupumzika tu? Naomba unieleweshe, ubongo unafanya nini usiku ambacho hauwezi kufanya mchana? Na kama kuna namna ya kuuzoesha vizuri zaidi niambie.

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la kona maana ndo lililonitisha kuliko mengine yote. Kwa ulivyolielezea, hapo uwezekano mkubwa ni kwamba ulisinzia. Ubongo uliokosa usingizi unaweza kuzimika kwa sekunde chache tu, tatu, tano, hata kumi, na mara nyingine macho yanakuwa wazi kabisa na mikono iko kwenye usukani, na mtu mwenyewe hana kumbukumbu yoyote ya kuzimika. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, sekunde tatu ni mita 50 hivi umeenda bila dereva. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye masomo, naomba kwa wiki mbili zijazo usukani ushikwe na mtu mwingine au upande usafiri wa watu wote, nakuomba sana, hayo mengine tutayazungumza taratibu.

Sasa hilo neno nimezoea. Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye chumba cha kupimia usingizi, mtu anabandikwa vidude kichwani analala huku tunasoma mawimbi ya ubongo wake hadi asubuhi, na hilo ndo neno nililolisikia kuliko lolote. Watu hawadanganyi wakisema hivyo, wanahisi hivyo kweli, ila kuna utafiti mmoja wa mwaka 2003 wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, uliangalia jambo hili hili lako. Walichukua watu wazima wenye afya wakawagawa, wengine wanaruhusiwa kukaa kitandani masaa manane, wengine sita, wengine manne, siku 14 mfululizo, wanalala na kuamkia hapo hapo kwa watafiti. Kila baada ya masaa machache wanapewa kazi rahisi mno, ukiona ishara imetokea kwenye skrini bonyeza kitufe, dakika kumi hivi. Wa masaa manane walibaki vile vile. Wa masaa manne na wale wa sita makosa yao yakawa yanapanda kila siku, hayasimami, hadi mwisho wakawa wanafanya vibaya kama watu ambao hawajalala kabisa kwa usiku mmoja au miwili. Lakini walipoulizwa wanasikiaje usingizi, siku za kwanza walilalamika, halafu malalamiko yakatulia, siku ya 14 wakawa wanasema wanasikia usingizi kidogo tu. Yaani kinachozoea ni ile hisia ya kusinzia, uwezo wenyewe unaendelea kushuka, na wewe huwezi kujua kwa sababu unayemuuliza kama ubongo uko sawa ni ubongo huo huo uliochoka.

Haya, sasa nikuonyeshe usiku wako wenyewe unavyokwenda ndani ya kichwa, maana usingizi si kitu kimoja kirefu kama watu wengi wanavyodhani. Unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na ndani yake kuna usingizi mwepesi, usingizi mzito, halafu usingizi wa ndoto, ule ambao macho yanacheza cheza chini ya kope na misuli ya mwili inalegezwa karibu yote ili usije ukaamka unapigana na mtu wa ndotoni. Mtu wa masaa manane anapata mizunguko minne au mitano. Ila mizunguko haifanani, na hapa ndo penye kisa chote: ya mwanzo wa usiku imejaa usingizi mzito na ndoto ni dakika chache tu, ya mwisho wa usiku usingizi mzito karibu umeisha na sasa zinatawala ndoto pamoja na usingizi mwepesi wa aina yake nitakaouelezea hapo chini.

Wewe unalala saa saba. Nusu saa haijaisha umeshazama kwenye usingizi mzito, kwenye mashine tunaona mawimbi makubwa, ya polepole, moja kwa sekunde au hata chini ya hapo, kwa sababu mamilioni ya seli za ubongo zinanyamaza pamoja halafu zinaongea pamoja, zinanyamaza tena, zinaongea tena. Wakati huu ndo homoni ya ukuaji inamwagwa kwa wingi kwenye damu, presha inashuka, moyo unapiga taratibu. Saa nane na nusu mzunguko wa pili unaanza, mzito tena. Saa kumi unaingia wa tatu, sasa uzito umepungua na ndoto inaanza kujivuta, na saa kumi na moja alamu inalia. Umekatwa katikati ya mzunguko wa tatu, wa nne na wa tano hujauona kabisa. Ndoto kwa kawaida ni kama robo ya usingizi wa mtu mzima, saa moja na nusu hadi masaa mawili kwa usiku, wewe nadhani unaambulia nusu saa na kidogo.

Kwa hiyo usidhani umepunguza kila kitu nusu kwa nusu. Mwili una akili yake, unalinda usingizi mzito kwanza, ukiunyima muda unahakikisha huo umeupata. Ndo maana unaamka na unaweza kusimama na kwenda kazini na kusema uko poa. Kilichoondoka ni mkia wa usiku. Na usije ukasema basi nitalala kwa kuchelewa zaidi nipate ndoto zote nikiamka saa nne asubuhi, maana ndoto zimefungwa pia na saa ya ndani ya mwili, kuna kifundo kidogo cha seli chini ya ubongo kinachofuata mwanga wa jua, na chenyewe kinapanga ndoto nyingi zije kuelekea alfajiri.

Sasa sura yako uliyoisoma mara tatu. Unaposoma, habari mpya inawekwa kwanza kwenye hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja ndani ya ubongo kila upande, karibu na masikio. Ichukulie kama mtu anayepokea mizigo mlangoni, anapokea haraka lakini hana nafasi kubwa na vitu vyake vinapotea kirahisi. Ghala lenyewe ni lile ganda la juu la ubongo, linapokea polepole ila linatunza miaka. Mizigo inahamishwa lini? Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika ukiwa umelala. Mwaka 1994 watafiti Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi seli za hipokampasi za panya waliokuwa wakitembea kwenye njia fulani, kisha wakaendelea kurekodi panya wakiwa wamelala, wakaona zile seli zilizokuwa zinawaka pamoja mchana zinarudia kuwaka pamoja usingizini, kama vile panya anaipitia tena njia yake. Kwa binadamu na wanyama tumeona pia kwamba marudio hayo yanakwenda na mapigo mawili mengine. Lile wimbi kubwa la polepole linapoinuka, linabeba juu yake milipuko mifupi ya mawimbi ya kasi, kama 11 hadi 16 kwa sekunde, mlipuko mmoja unadumu nusu sekunde hadi sekunde moja au mbili, na hapo hapo hipokampasi inatoa marudio yake. Vitatu vikigongana kwa wakati, habari inapita. Hiyo milipuko inajaa hasa kwenye ule usingizi mwepesi wa kati niliokuahidi, na huo nao ni mwingi mwisho wa usiku. Ndo unaoukata.

Na kuna upande wa pili watu hawausemi. Hipokampasi ambayo haijapata usiku wa kutosha kesho yake inapokea vibaya, yaani hata kabla hatujafika kwenye kuhamisha, mzigo mwenyewe haujapokelewa. Ukisoma saa sita usiku ukiwa umeamka tangu saa kumi na moja alfajiri, hayo ni masaa 19 macho wazi, macho yanapita kwenye mistari, unapindua kurasa, unajisikia umesoma, lakini kinachoandikwa ni kidogo sana. Halafu unakata usiku ambao ungehifadhi hata hicho kidogo. Masaa manne ya kusoma kwa mtindo huo sioni kama yanakupa hata mawili.

Zile namba ulizogeuza nazo zina maelezo, na mimi binafsi jambo hili ndo linanishangaza kuliko yote. Mwaka 2011 watafiti waliwaweka panya macho kupita muda wao wa kulala huku wakirekodi seli moja moja, wakakuta panya yuko macho, anatembea, anacheza, mawimbi ya ubongo kwa ujumla ni ya mtu aliye macho, lakini vikundi vidogo vya seli humo ndani vinazimika kwa muda mfupi sana mfano wa usingizi mzito, kimoja hapa kingine kule, halafu vinawaka tena. Na kikundi cha eneo linaloongoza mkono kikizimika muda mfupi kabla ya panya kunyoosha mkono achukue kipande cha sukari, anakikosa. Yaani mnyama yuko macho na kasehemu ka ubongo wake kamelala. Siwezi kukuapia kwamba 4,870 iligeuka 4,780 kwa njia hiyo hiyo, ila makosa ya mtu aliyenyimwa usingizi ndo yanafanana hivyo, anaijua kazi vizuri, anateleza kwa ghafla, anaendelea kama kawaida na haoni alipoteleza.

Tuje kwenye kahawa ya saa tatu usiku. Seli za ubongo zikitumia nguvu kutwa nzima zinaacha kemikali inaitwa adenosini, inajikusanya taratibu tangu unaamka, na ikikaa kwenye vipokezi vyake ndo unasikia kichwa kizito na usingizi unakuja. Ukilala inapungua. Kafeini haiondoi adenosini hata kidogo, umbo lake linafanana nayo basi inaingia kwenye vile vipokezi na kukaa, kama mtu ameziba tundu la kitasa kwa kijiti, ufunguo upo, mwenye ufunguo yupo, haingii tu. Adenosini inaendelea kujaa huko nje. Na kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu, wengine haraka kidogo wengine polepole, kwa hiyo kikombe cha saa tatu usiku, saa nane usiku nusu yake bado iko mwilini na saa moja asubuhi robo bado ipo. Utasema mbona nikilala nalala mara moja? Unalala kwa sababu una deni kubwa, lakini yale mawimbi mazito tunayaona yanapungua, hivyo hata hayo masaa manne hayajatimia.

Kuna habari nyingine utakuwa umeisikia, kwamba ubongo unajisafisha uchafu usiku. Ilitokana hasa na utafiti wa panya wa mwaka 2013, uliokuta nafasi kati ya seli zinapanuka kama asilimia 60 mnyama akilala na maji yanayozunguka ubongo yanapita na kuondoa mabaki, pamoja na protini ile inayojikusanya kwa wagonjwa wa Alzaima. Ni jambo zito ila wanasayansi bado wanabishana linavyofanya kazi, hasa kwa binadamu, hivyo sitaki likutishe.

Umeuliza kama unaweza kujizoesha zaidi. Hapana, na nakujibu bila kuzunguka. Wapo watu wachache sana ambao wamezaliwa hivyo, mwaka 2009 ilipatikana hata jeni moja inayohusika, wanalala masaa sita au chini na hawana shida yoyote. Lakini hao tangu utotoni wako hivyo, wanaamka wenyewe bila alamu, hawategemei kahawa, na hata wakiwa likizo hawaongezi. Wewe siku ambayo hakuna alamu unalala hadi saa ngapi? Kama ni saa tatu au nne asubuhi, jibu umeshalipata.

Sasa mpango wa hizo wiki sita. Anza kusoma saa mbili usiku, funga daftari saa nne na nusu, saa tano uwe umelala, amka saa kumi na mbili. Hayo ni masaa saba, ndo kiwango cha chini kwa mtu mzima, na siku za mapumziko ongeza moja. Ukitaka muda wa ziada wa kusoma uchukue asubuhi ya siku ya mapumziko ukiwa umeshalala, usiuchukue usiku. Na sura ngumu kuliko zote isome mwisho kabisa kabla ya kulala, kesho yake jioni funga kitabu uandike unachokumbuka kwenye karatasi tupu kabla ya kufungua mpya. Hilo karatasi nalitaka litunzwe na litiwe tarehe, maana nimeshakuambia hisia zako kwa sasa si shahidi mzuri, karatasi ndo shahidi. Kahawa ya mwisho iwe saa saba au saa nane mchana. Ukizidiwa mchana jilaze dakika 20 kwa alamu, kabla ya saa tisa, usiende saa nzima maana utaamshwa katikati ya usingizi mzito na utakuwa kama mtu aliyepigwa na kitu kichwani kwa nusu saa.

Nikuandae na kitakachotokea ili usiache njiani. Siku tatu nne za kwanza unaweza kujisikia vibaya kuliko sasa, mzito, mvivu, na utasema dada alinidanganya. Ni ile kahawa ya usiku imeondoka na deni limejitokeza. Halafu ndoto zitakuja nyingi na za wazi sana, nyingine za ajabu, usiogope wala usitafute wa kuzitafsiri, ubongo ulionyimwa ndoto miezi miwili ukipata nafasi unazifidia. Na deni halilipwi kwa Jumapili moja ya kulala hadi mchana, hiyo inakupunguzia usingizi lakini uangalifu unachelewa kurudi, hesabu wiki mbili hivi ndo ulinganishe makaratasi yako. Dalili kwamba umefika ni hizi, unaanza kuamka dakika chache kabla ya alamu, na ukijilaza usiku inachukua dakika kumi au kumi na tano kulala. Ile ya kuweka kichwa tu umeshaondoka, watu wanajisifia nayo, kumbe ni ishara ya mtu mwenye njaa ya usingizi.

Mwisho mpe salamu mke wako, na nina kazi kwake. Akusikilize ukilala usiku mbili tatu, unakoroma? Na kama unakoroma, je kuna wakati mkoromo unakatika kabisa, kimya sekunde kumi au zaidi, halafu unashtuka kama mtu anayevuta hewa kwa nguvu? Akisikia hivyo, au wewe ukilala masaa saba hadi manane kwa wiki tatu na bado mchana unasinzia, basi si suala la ratiba tena, koo linaweza kuwa linaziba usiku na ubongo unaamshwa mara nyingi kwa saa bila wewe kujua. Hilo linapimwa na lina matibabu, nenda kwa daktari umwambie maneno hayo hayo atakayokuambia mkeo, na umwambie pia kuhusu ile kona.